Maswali na majibu: fomu ukishaijaza igandishe, usiitume mbichi

Maalim, nimempangisha mtu nyumba Mwanakwerekwe. Mkataba wa PDF nimeujaza mwenyewe nikamtumia kwa WhatsApp atie saini, umerudi kodi laki tatu imekuwa laki mbili na nusu. Kaingiaje?

Hakuingia popote, mlango umemwachia wazi wewe. Fomu ya PDF ukiijaza, jibu halikai kwenye karatasi, linakaa ndani ya kisanduku kilichoelea juu ya karatasi, na yeyote atakaeigusa ile 300,000 kishale kinamtokea anafuta anaandika yake. Unatakiwa uigandishe, ndo huko kuflateni, yani maandishi yateremshwe yawe sehemu ya ukurasa na kisanduku chenyewe kiondoke. Njia ya bure ni kuifungua kwa Chrome kwenye kompyuta, bonyeza printi, pale pa printa chagua `Save as PDF`, kisha faili jipya ndo unatuma. Kabla hujatuma lifungue uguse ile sehemu ya kodi, kishale kikitokea bado hujafanya kitu.

Ila usijidanganye kuwa umetia kufuli. Mwenye programu ya kuhariri PDF bado ataibadili namba, tafauti ni kwamba sasa lazima akusudie, hawezi tena kusema kidole kiliteleza. Kwa hiyo nakala yako iliyogandishwa iweke, na mtumie kwa imeili pia ibaki tarehe. Na mkataba wa nyumba jamani printini mtie saini za kalamu mbele ya sheha, hizi simu zitakuja kutugombanisha.

Steshenari yetu Chake tunajaza fomu za wanafunzi wa skuli kwa programu, tukiziflateni kwa pdftk zinatoka tupu! Tukifungua kabla majina yote yapo.

Hili swali zuri, la mtu aliejaribu kabla ya kuuliza. Kisanduku kina vitu viwili: jibu lenyewe, na picha ya jinsi jibu linavyoonekana. Programu yenu inaandika jibu tu, picha haichori. Mkifungua kwa Acrobat yeye anaichora papo hapo ndo mana mnaona majina, lakini wakati wa kugandisha kinachoteremshwa kwenye ukurasa ni ile picha, na kama haipo basi mnateremsha hewa. Tumieni programu ya qpdf, mwambieni achore kwanza kwa amri hii:

```
qpdf --generate-appearances --flatten-annotations=all fomu.pdf tayari.pdf
```

Ina mipaka yake. Majina mliyojaza kwa herufi za Kiarabu haitoyachora sawa, na kisanduku cha mistari mingi kinaweza kutoka ovyo, hizo zifungueni kwa Chrome mprinti kama nilivyosema juu. Halafu fungueni faili la mwisho kwa macho yenu kabla hamjalituma, msimwachie mzazi agundue ofisini kuwa jina la mwanawe halipo.

Nimegandisha ripoti yenye komenti za bosi, zile noti za njano zimebaki vialama tu maneno hayapo.

Ndivyo ilivyo, maneno ya noti yamo kwenye kidirisha kinachofunguka ukibonyeza, na kidirisha hakiteremki kwenye ukurasa. Rangi ya kupigia mstari inabaki, mishale inabaki, maneno yanakwenda. Rudi faili la asili, kwenye Acrobat Reader ingia printi ubonyeze `Summarize Comments`, utapata komenti zote zimeandikwa, hizo ndo uziambatanishe.

Nimeziba namba ya kitambulisho kwa boksi jeusi nikaflateni. Salama?

Hapana! Na hili nshalijibu mara ngapi. Boksi limeganda juu, namba imo chini yake vile vile. Bonyeza Ctrl+A, kisha Ctrl+C, bandika kwenye Notepad uone inavyotoka. Kama una Acrobat ya kulipia tumia `Redact`. Kama huna, kwenye Acrobat Reader printi ukurasa ukiwa na boksi lake kwa kuchagua `Print As Image` ndani ya `Advanced`, ukurasa wote unakuwa picha, maandishi ya chini hayapo tena. Na kama ushalituma lile la mwanzo, hesabu kuwa namba imeshatoka.

Nimegandisha kimakosa na sina nakala. Nirudishe vipi visanduku?

Havirudi. Jaza upya.

Saini ya kidijitali naitia kabla au baada?

Baada. Saini inalinda faili lilivyokuwa wakati unaitia, ukija kuliflateni umelibadili na saini inaharibika, pengine ikabaki picha ya jina lako tu isiyothibitisha kitu. Na wewe uliyeniletea faili la watu watatu kutia saini, gandisheni majibu kwanza, halafu wote watatu watie kwenye hilo hilo moja, msitumiane kila mtu na lake.