Ndege imesogezwa alfajiri, boti ya Pemba haiwahi: unadai nini?

"Nimekata tiketi ya kwenda na kurudi Unguja–Maskati, ile ya bei nafuu isiyorejeshwa pesa. Ilikuwa iruke saa kumi jioni, sasa wameniandikia kuwa ni saa kumi na moja alfajiri ya siku hiyo hiyo. Mie nipo Pemba, na boti ya kunifikisha asubuhi nimeshailipia. Wakala anasema masharti yanawaruhusu. Kuna ninachoweza kudai?"

Ndugu yangu, wakala kakwambia nusu. Yalinikuta haya haya nilipokuwa nampeleka mama Maskati, na wakala wetu alisema maneno yaleyale tena kwa kujiamini, basi nikakaa usiku mzima kuyasoma hayo masharti.

Kwanza ujue yapo mahali pawili. Kuna masharti ya nauli uliyonunua, ndiyo yanayosema pesa hairudi, na kwenye risiti ya tiketi utaona yamefupishwa kwa herufi kubwa kama `NON REF`. Halafu kuna masharti ya jumla ya usafirishaji, waraka mrefu uliopo chini kabisa ya tovuti ya shirika, ambao karibu hakuna anayeufungua. Wakala anakusomea ule wa kwanza. Jibu lako limo ndani ya huu wa pili.

Humo utakuta kifungu cha ratiba. Sentensi zake za mwanzo zitakukatisha tamaa: saa zilizoandikwa hazina dhamana, si sehemu ya mkataba, shirika linaweza kubadilisha muda, ndege, hata kituo cha kupitia. Watu wengi wanaishia hapo. Wewe shuka aya moja au mbili. Mashirika mengi yanaandika kwamba wakibadilisha muda kwa kiasi kikubwa baada ya wewe kununua, na mabadiliko hayo hukuyakubali, na hawana safari nyingine inayokufaa, basi una haki ya kurejeshewa pesa kama mtu aliyeangushwa na shirika, si kama aliyeghairi mwenyewe. Kurejeshewa kwa namna hiyo hakuangalii kama tiketi ilikuwa ya bei nafuu. "Kikubwa" ni kiasi gani, kila shirika lina lake: wengine wanataja saa, wengine wameliacha neno hivyo hivyo likielea. Kutoka saa kumi jioni kurudi saa kumi na moja alfajiri ni tofauti ya masaa kumi na moja kamili. Sidhani kuna atakayethubutu kukwambia ni madogo.

Sasa angalia mtego wenyewe. Ujumbe wa mabadiliko huja na kitufe cha kukubali. Ukikibonyeza, hata kama ulitaka kuona tu kinachofuata, umeikubali ratiba mpya na haki ya kurejeshewa kwa sababu hii imekwisha. Mtego wa pili ni kuingia kwenye tovuti ukabonyeza kitufe cha kawaida cha kughairi safari. Mfumo utakuhesabu umejitoa kwa hiari, na hapo ndipo `NON REF` inapofanya kazi yake. Mie sikubonyeza chochote. Niliwaandikia barua pepe, nikataja namba ya tiketi, saa ya zamani na saa mpya, nikasema siyakubali mabadiliko, na nikaomba moja kati ya mawili: safari nyingine inayoondoka mchana au jioni bila kuongeza nauli, au pesa yote kwa mujibu wa kifungu chao wenyewe, nikakitaja kwa namba. Wakatupa safari ya kesho yake jioni. Yule wakala aliyesema haiwezekani ndiye aliyenitumia tiketi mpya, wala hakusema kitu.

Ukichagua pesa, mambo mawili. Tiketi iliyokatwa kwa wakala pesa yake hurudi kupitia kwake, si moja kwa moja kwako, na ile ada aliyokutoza yeye si ya shirika, kwa hiyo usishangae ikibaki kwake. La pili, ikitokea kwa sababu yoyote ukaghairi mwenyewe, bado uliza kuhusu kodi na tozo za uwanja. Zile ni za abiria aliyesafiri, na mashirika mengi huzirejesha hata kwenye tiketi isiyorejeshwa nauli. Mstari wenye `YQ` au `YR` ndio wasiourejesha kirahisi, kwa sababu huo ni wa shirika lenyewe ingawa umekaa kwenye safu ya kodi.

Usije ukafanya kitu kimoja: kuiacha safari ya kwenda ukategemea kutumia ya kurudi. Masharti karibu yote yanataka vipande vitumike kwa mfuatano. Usipotokea Unguja, na kile cha Maskati kinafutwa.

Nauli ya boti na gesti ya usiku mmoja mjini, hapo nisikudanganye, ni pagumu. Boti na ndege ni mikataba miwili, na shirika la ndege halikujua kama unatokea Mkoani. Mwenye boti naye kaondoka kwa saa yake, hana kosa. Kwake unachoweza kuomba ni kubadilishiwa siku, na hilo nenda kaulize mapema kaunta, kabla boti haijaondoka, maana ikishaondoka tiketi imekufa. Kama ungekata Pemba–Unguja–Maskati kwa ndege kwenye tiketi moja, mzigo wa kukuunganisha ungekuwa wao.

Mambo yangekuwa mengine kama wangekuchelewesha siku yenyewe, ushafika uwanjani. Hapo unaingia Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania ni mwanachama. Kifungu cha 19 kinalifanya shirika liwajibike kwa hasara iliyotokana na kuchelewa, isipokuwa lithibitishe lilichukua kila hatua ya busara kuizuia. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 ukomo wake ni SDR 6,303 kwa abiria, kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, zaidi kidogo ya dola 8,000. Huo ni ukomo, si zawadi: unalipwa hasara uliyoithibitisha kwa risiti. Na kifungu cha 26 kinasema sharti lolote la mkataba linalomwondolea msafirishaji dhima hiyo, au kushusha ukomo wake, ni batili. Kwa hiyo ile sentensi ya "saa hazina dhamana" haiwakingi siku hiyo kama wanavyotaka uamini.

Kesi ifunguliwe ndani ya miaka 2. Na kwa kuwa tiketi yako ni ya kwenda na kurudi, mwisho wa safari kisheria ni Unguja ulikoanzia, si Maskati, hivyo mahakama za hapa zinaweza kuisikiliza. Kabla ya kufika huko, andikia shirika kwanza, wakikaa kimya peleka lalamiko Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Anga ni jambo la Muungano, kwa hiyo wale wa usafiri wa baharini wa hapa Zanzibar hawataligusa.

Umekata kwa wakala au mtandaoni? Na ile barua ya mabadiliko umeshaijibu? Bandika hapa kifungu cha ratiba cha shirika lako, jina na namba ya tiketi uvifiche, tukisome pamoja kabla hujabonyeza kitu.