Kabla Hujaiamini Seli Nyekundu ya Roysambu

Mwaga nukta elfu kadhaa za ajali za barabarani juu ya ramani ya Nairobi, na kuanzia Westlands hadi Embakasi utaona doa moja tu. Nukta zimelaliana, jicho haliwezi kutofautisha penye tatu na penye thelathini. Ndiyo maana mimi hutandaza wavu wa pembesita juu ya jiji, nikahesabu nukta ndani ya kila seli na kupaka rangi kulingana na hesabu, nyekundu ikiwa ya zenye nukta nyingi zaidi. Katika programu ya ramani ya QGIS hiyo ni kazi ya muda mfupi. Kinachohitaji subira ni kuihoji seli nyekundu kabla ya kumwonyesha mtu ramani.

Kwanza nukta zihamishwe kutoka digrii kwenda mita, kwa zana ya `Reproject layer` na mfumo wa koordineti wa `EPSG:32737`. Sisi tuko karibu sana na ikweta, kwa hiyo upotoshaji wa maumbo ambao ramani ya digrii huwasumbua nao walio kaskazini ya mbali hapa ni mdogo mno. Faida yetu ya kuhamia mita ni kwamba ukiandika 500 unapata mita 500. Kisha fungua `Create grid`, chagua umbo la pembesita, na uweke nafasi ya 500 kwa mlalo na wima. Kila seli itakuwa na takriban hekta 21.7. Mwisho, `Count points in polygon` itaandika hesabu ya kila seli kwenye safu ya `NUMPOINTS`.

Wavu ukichukua muda mrefu kupita kiasi kujichora, tazama eneo unalofunika. Latitudo ya Nairobi ni hasi, kama -1.29, na alama ya kutoa hupotea kirahisi data inapopita kwenye lahajedwali. Nukta iliyoipoteza huruka karibu kilomita 285 kaskazini, ikatua upande wa Maralal, na wavu huifuata hadi Samburu.

Mita 500 si sheria. Kwa ajali za jiji hili naona zinafaa kwa sababu ukishuka hadi 250, eneo la seli linabaki robo, na seli nyingi huwa na nukta moja au sifuri. Ukipanda hadi kilomita moja, Thika Road na vichochoro vya mtaa wa pembeni huingia seli moja, nawe hujui ajali ni za nani.

Sasa ile seli nyekundu. Ripoti nyingi za ajali haziji na vipimo vya GPS. Zinakuja na jina: "Roysambu", "Allsops", "Githurai". Mtu akisema hapo Roysambu, anaweza kumaanisha stejini, chini ya daraja la wapita njia, au mbele kabisa. Programu ya kutafuta majina haijui hayo, hivyo kila ripoti yenye jina hilo huiweka kwenye nukta ileile. Tuseme seli ya Roysambu ina ajali 41, na jirani zake zina kati ya 5 na 9. Ongeza safu kwenye tabaka la nukta, ambalo sasa liko katika mita, kwa fomula hii:

```
count(1, group_by:=geom_to_wkt($geometry, 0))
```

Inakuambia ni nukta ngapi zimekaa mahali pamoja, kwa usahihi wa mita moja. Ukikuta 29 kati ya zile 41 zina koordineti moja, seli hiyo inakuonyesha jina maarufu. Ajali zilitokea kweli, ila hujui ni wapi hasa. Usizifute. Zitenge kwenye tabaka lake, uhesabu upya zile 12 zilizobaki, kisha useme wazi kwenye ramani kwamba 29 zinajulikana kwa jina la eneo tu. Anayepanga kuweka matuta anastahili kujua hilo.

Jambo la pili ni mahali wavu ulipoanzia. Kila kona ya pembesita hukutanisha seli tatu. Mzunguko wa barabara wenye ajali 18 ukiangukia kwenye kona, unaweza kugawika 7, 6 na 5, na seli zote tatu zikaonekana za kawaida. Kwa hiyo chora wavu wa pili uliosogezwa mita 250 mashariki na 250 kaskazini, uhesabu tena, uweke ramani mbili kando kwa kando. Sehemu inayobaki nyekundu kwenye zote mbili naichukulia kwa uzito. Inayotokea kwenye moja tu, narudi kwenye nukta zenyewe na kuzisoma moja moja.

Seli zenye sifuri nazo zina aina mbili. Katikati ya Msitu wa Karura hakuna ajali kwa sababu hakuna barabara kuu ya magari. Kwenye mtaa wenye magari mengi, sifuri inaweza kumaanisha usalama, au kwamba hakuna anayeripoti. Ziache za msitu bila rangi kabisa, na za mtaa uzipe rangi hafifu.