Watu 104 walisema watatumia, lakini nani ametoa pesa?

Swali: Shikamoo dada. Tuko wanafunzi watano wa mwaka wa pili, somo la masoko, Dar es Salaam. Kazi tuliyopewa ni kubuni biashara na kuonyesha kuwa ina wateja kabla ya kuizindua, kwa kutumia bidhaa ya majaribio, ile MVP. Tumebuni aplikesheni ya kuwaunganisha wanaokaa hosteli na madobi. Dodoso letu lilijazwa na watu 120, na 104 wakasema watatumia. Fundi anataka 800,000 atutengenezee aplikesheni yenye sehemu chache tu. Tuchange?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Msichange. Mnachotakiwa kujua ni kama mtu atalipia kufuliwa nguo, na jibu hilo halimo ndani ya aplikesheni.

Hao 104 ndio wanaonitia hofu kuliko fundi. Naletewa madodoso ya aina hii kila muhula, na yote yanasema ndiyo. Aliyejaza ametumiwa kiungo kwenye kundi la darasa na anataka mpate maksi. Hakudanganya, ila hakuna aliyemwomba pesa. Kama lazima muulize, ulizeni yaliyokwisha kutokea: mara ya mwisho nguo zako zilifuliwa na nani, na ulilipa shilingi ngapi? Mkikuta wengi hufua wenyewe kila Jumamosi na hawajawahi kumlipa dobi, mmejua jambo zito kuliko hiyo 104.

Mwaka 1999 Nick Swinmurn alitaka kuuza viatu mtandaoni kule Kalifonia, katika biashara iliyokuja kuitwa Zappos. Hakununua shehena wala kukodi ghala. Alipiga picha viatu vya maduka ya jirani, akaziweka kwenye tovuti, na mteja akiagiza, anakwenda dukani kununua jozi hiyo kwa bei ya rejareja na kuituma. Faida hakupata, lakini aliona watu wanatoa pesa kwa kiatu wasichokigusa. Bidhaa ya majaribio ni hiyo: mteja anapata huduma kamili, na nyuma yake mnahangaika kwa mikono.

Kwa hiyo chagueni jengo moja la hosteli ambako hamna marafiki. Andikeni tangazo lenye bei, siku ya kuchukua nguo na namba ya WhatsApp. Tuseme kapu moja ni 6,000, na anayetaka analipa 2,000 kwanza kwa simu. Hesabuni waliotuma hiyo 2,000 tu. Aliyesema "nitawatafuta" asihesabiwe. Kisha chukueni nguo kweli, mpelekeeni dobi, mzirudishe siku mliyoahidi. Mkishindwa, pesa ya watu irudi siku hiyo hiyo.

Kabla ya kubandika tangazo, andikeni idadi itakayowafanya muendelee, na muitoe kwenye hesabu. Dobi akichukua 4,000 na mfuko ukagharimu 500, kila kapu linawaachia 1,500. Bodaboda na vocha zikila 15,000 kwa wiki, mnahitaji makapu 10 ili msipate hasara. Jengo likiwa na wakazi 200, hao ni watu 10 tu, lakini wawe wamelipa. Idadi isipoandikwa mapema, mtapata makapu matatu na mtajishawishi kuwa matatu si haba.

Wiki ya pili msibandike tena wala kumkumbusha mtu. Wiki ya kwanza watu hujaribu kwa kuwa ni kitu kipya, au mtihani umewabana. Anayerudi mwenyewe na kapu la pili ndiye anayewaambia kuna biashara. Na sikilizeni wanacholalamikia. Wakilalamikia nguo kuchelewa au soksi kupotea, aplikesheni isingewasaidia.

Sasa kuna hawa wanaozunguka vyuoni wakiuza "MVP" kwa laki kadhaa, na wengine wanauza madodoso yaliyokwisha kujazwa pamoja na ripoti yenye chati. Wananiudhi kwa sababu wanamuuzia mwanafunzi kitu kile kile ambacho kazi hii ilitaka akitafute mwenyewe. Kijana anazoea kuona chati badala ya mteja, anamaliza chuo, anachukua mkopo au pesa ya mauzo ya shamba la mzazi, anafungua duka kwa dodoso la namna hiyo. Nimewapokea wa aina hiyo mezani kwangu wakiwa na bidhaa imejaa stoo. Wakati huo swali la nani atanunua linakuwa limeshagharimu mamilioni, na lingejibika kwa karatasi ya tangazo na wiki mbili.

Mkipata walipaji wanne, andikeni wanne kwenye ripoti. Halafu rudini kwenye milango ya waliosoma tangazo wakaacha, muwaulize wiki hiyo nguo zao walizifua vipi.