Bei ikivunja dari kisha ikarudi ndani

"Mwalimu, nilinunua EURUSD ilipovuka 1.1000, ikapanda kidogo tu kisha ikanila stopu. Broka ananiwinda?" — Kondele, Kisumu

Swali hili nalipata kila wiki, na kila wiki broka ndiye mshtakiwa. Hana haja ya kukuwinda wewe na loti yako ya 0.01. Stopu yako inajulikana kwa sababu umeiweka pale wote walipoweka zao.

1.1000 ni namba ya mviringo, na bei ilikuwa imegonga hapo mara tatu. Waliouza waliweka stopu juu yake kidogo, na stopu ya muuzaji ni oda ya kununua. Ninyi mnaosubiri dari ivunjike nanyi mnanunua hapohapo. Mwenye mzigo mkubwa wa kuuza anahitaji wanunuzi wengi kwa mpigo, na hapo ndipo walipo. Wavuvi wa omena huku ziwani huwasha taa usiku, dagaa wakajileta wenyewe. Akishamaliza kuuza, hakuna tena wa kusukuma bei juu. Huo ndio mtego wa fahali.

"Nitatofautishaje mtego na bei inayorudi kugusa tu kisha iendelee?" — Nakuru

Afadhali hili. Angalia mshumaa umefunga wapi, usiangalie umegusa wapi. Uvunjaji mzuri hurudi, ukagusa kiwango kwa juu na kukaa. Uliofeli hufunga ndani tena, na hufanya hivyo upesi: mshumaa mmoja hadi mitatu ya chati ileile uliyoonea kiwango. Bei ikikaa nje mishumaa kumi na miwili ndipo irudi, hiyo ni habari nyingine, usiiite mtego.

Tuchukue chati ya dakika 15, namba nimezipanga mwenyewe. Vilele ni 1.0998, 1.1001 na 1.0999; sakafu iko 1.0940. Bei inapanda hadi 1.1018, mshumaa unafunga 1.1012. Kila mtu anashangilia. Mshumaa wa pili unafunga 1.1003, wa tatu 1.0991. Sasa wote walionunua juu ya 1.1000 wako hasara, na stopu zao ziko chini yao: oda za kuuza zinazosubiri kuguswa.

Mimi siuzi hapo hapo. Nangoja bei ijaribu kurudi hadi kama 1.0997 na ishindwe, niuze, stopu 1.1022, juu ya kilele cha mtego. Hiyo ni pipsi 25. Kwa loti ya 0.01 kila pipsi ni senti kumi za dola, kwa hiyo nahatarisha dola 2.50. Shabaha ni sakafu, pipsi 57. Bei ikifunga tena juu ya 1.1001 natoka bila kungoja stopu, maana kufeli kwenyewe kumefeli. Hilo hutokea, na mara nyingi kuliko wauza kozi wanavyokiri.

"Mtego wa dubu ni hivyohivyo, umegeuzwa?" — Bungoma

Ndiyo, ila hofu huukimbiza zaidi. Oktoba 13, 2022, saa tisa na nusu alasiri kwetu, Marekani ilitangaza mfumuko wa bei wa asilimia 8.2, juu ya uliotarajiwa. Hisa zilipofunguliwa saa kumi na nusu, S&P 500 ilishuka hadi karibu 3,491, chini ya 3,500 iliyokuwa ikitazamwa na kila mtu. Siku ya kabla yake ilikuwa imefunga 3,577. Waliouza chini ya 3,500 walikamatwa usiku uleule: ilifunga karibu 3,670.

Sasa sehemu ambayo hamtaoneshwa kwenye video: kesho yake ilianguka tena hadi 3,583. Aliyenunua kwa pupa karibu na 3,670 aliona moto. Lakini 3,491 haikuguswa tena, na ndiyo ikawa bei ya chini kabisa ya mwaka huo. Ukinunua mtego wa dubu, stopu ikae chini ya mkia wa mtego, na loti ipunguzwe ili umbali huo uvumilike.

"Kuna kundi la Telegramu linauza signali za mitego kwa elfu mbili kwa mwezi. Nijiunge?" — Kakamega

Hapana. Ujumbe ukifika, mshumaa wa tatu umeshafunga.

"Niliuza, stopu ikagongwa usiku wa manane, lakini kwenye chati bei haikufika pale. Huo nao ni mtego?" — Kisumu

Si mtego. Chati ya MT4 kwa kawaida huchora Bid, bei unayouzia, na aliyeuza hufungiwa kwa Ask, bei unayonunulia, ambayo iko juu yake. Siku ya Nyu Yoki hufungwa saa sita usiku kwetu, au saa saba wao wakiwa kwenye majira ya baridi, na dakika hizo spredi, yaani pengo kati ya bei hizo mbili, hupanuka. Washa mstari wa Ask kwenye chati uone mwenyewe. Na kama stopu yako iko pipsi tano juu ya kiwango, usilale na oda hiyo ikiwa wazi.