Basi la Mwanza Lilinipita Ahero Nikiwa Macho

Agosti mwaka jana dada yangu aliyeolewa Mwanza alinipigia simu kuniarifu kwamba watu wa upande wa kijana walikuwa wanakuja kumposa binti yake, na kwamba kikao kingefanyika Ijumaa saa kumi na moja jioni. Mimi ndimi mjomba wa pekee wa binti huyo, na katika ukoo wetu mahari hayatajwi mjomba hajaketi. Naishi Nakuru. Nilichagua kusafiri usiku wa kuamkia Ijumaa hadi Kisumu, kisha nipande basi la Mwanza linaloondoka Kisumu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Tiketi zote mbili nilikata mapema na nauli nililipa, na hesabu ya muda niliifanya mwenyewe kwa kalamu nyuma ya bahasha. Hesabu hiyo ndiyo iliyoniponza, na ningependa kuieleza hatua kwa hatua kwa sababu naona wasafiri wengi wa huku kwetu wanaifanya vilevile.

Kutoka Nakuru hadi Kisumu kwa njia ya Kericho ni kama kilomita 185. Kwa gari dogo, mchana, nimezoea kutumia saa tatu na robo. Karani wa tiketi aliniambia kwamba basi linatoka Nairobi saa nne usiku na hupita Nakuru saa saba. Basi nikajumlisha: saa saba usiku na saa tatu na robo, nitafika Kisumu saa kumi na robo alfajiri, nitakuwa na saa moja na robo ya kunywa chai na kunawa uso. Niliona nafasi hiyo inatosha na kusaza.

Kosa la kwanza ni kwamba nililichukulia basi kana kwamba linaanzia safari yake Nakuru. Anayepandia katikati ya njia hupokea ucheleweshaji wote uliotokea kabla yake, wala hauoni ukitokea. Usiku ule basi liliondoka Nairobi saa tano kasoro dakika kumi badala ya saa nne, kwa kuwa mabasi ya usiku ya magharibi hubeba vifurushi vingi vya wafanyabiashara pamoja na abiria, na kupakia hakuishi mpaka mzigo wa mwisho ufungwe. Mimi nilikuwa nimesimama steji ya Nakuru tangu saa saba kasoro robo, nikiwa na koti zito, nikiamini linakaribia. Lilifika saa nane kamili na kuondoka na dakika zake kumi. Saa moja na dakika kumi ilikuwa imekwisha kuliwa kabla sijakanyaga ngazi ya basi, yaani karibu nafasi yote niliyojiwekea.

Hapo nilijifariji kwamba dereva angefidia njiani. Hilo halitokei, na ni vizuri halitokei. Magari ya abiria nchini yana kidhibiti mwendo, na kikomo chake ni kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo dakika zilizopotea mwanzoni hakuna mahali pa kuzirudisha. Tena kikomo si wastani. Kuanzia Nakuru kupitia Salgaa hadi Mau Summit, barabara inashirikiana na malori yote yanayopandisha mizigo ya bandari ya Mombasa kuelekea Malaba, na usiku ndio wakati wao. Basi likishika mkia wa lori linalojikongoja mlimani, huenda kwa mwendo wa lori hilo mpaka dereva aone nafasi salama ya kupita. Malori mengi hunyoosha kuelekea Eldoret pale Mau Summit na sisi wa Kisumu tukakata kushoto, lakini baada ya hapo usiku ule tulikutana na ukungu, na dereva, kwa busara yake, akapunguza mwendo zaidi. Ukigawanya kilomita 185 kwa muda tuliotumia kweli, wastani wetu ulikuwa kama kilomita 45 kwa saa. Sasa hiyo ndiyo namba ninayoitumia kwa basi la usiku katika njia hii, na mara chache imenidanganya.

Kericho tulifika saa kumi na dakika ishirini na tano. Nakumbuka kwa sababu niliitazama simu basi liliposimama, nikidhani tunashusha abiria mmoja na kuondoka. Utingo alifungua buti, akaibana tochi kwa meno ili mikono yote miwili ibaki huru, akaanza kusoma majina yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya makatoni, moja baada ya jingine, akiyageuza yale yaliyolala kifudifudi. Kulikuwa na magurudumu manne ya pikipiki yaliyofungwa pamoja, na godoro lililopaswa kushuka kwanza ili mengine yaonekane. Mwenye godoro hakuwepo; alipigiwa simu, akaja akiwa amejitanda shuka. Tuliondoka saa kumi na moja kasoro robo.

Kericho ndipo nilipopaswa kuamka kiakili. Nilikuwa na saa moja na dakika tano kabla ya basi la Mwanza kuondoka, na mbele yangu kulikuwa na kilomita 80 hivi za barabara pamoja na godoro lisilojulikana litashuka saa ngapi. Mtu yeyote angejua haiwezekani. Badala ya kupiga simu nilikaa kimya nikiomba dua, nikiona aibu kumsumbua karani alfajiri. Karani wa basi linaloondoka saa kumi na moja na nusu yuko kazini wakati huo, hajalala.

Naomba sasa msomaji asiyeijua njia hii achore ramani kichwani. Barabara ya kutoka Kericho hushuka hadi bonde la Nyando, ikapita Awasi, ikafika Ahero, kisha ikaendelea kama kilomita 25 hadi Kisumu. Basi la kutoka Kisumu kwenda Kisii, Migori, Isebania na hatimaye Mwanza hufuata barabara hiyohiyo kurudi hadi Ahero, na hapo Ahero ndipo linapokata kuelekea Katito na Sondu. Maana yake ni kwamba abiria wa Mwanza anayetoka Nakuru anapita Ahero, anakwenda Kisumu, halafu anarudishwa Ahero. Kipande hicho anakilipia na kukitumia muda mara mbili bila faida yoyote.

Sisi tulipita Ahero saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Joto la bondeni lilikuwa limeingia ndani ya basi, nimevua koti, na kwenye mwanga hafifu niliyaona maji ya mashamba ya mpunga yakimetameta kando ya barabara. Nilikuwa macho kabisa. Basi la Mwanza lilikuwa limeondoka Kisumu saa kumi na moja na dakika thelathini na tano, na kwa mwendo wa kawaida lingefika Ahero mnamo saa kumi na mbili na dakika tano. Kama ningeshuka pale ningelingoja robo saa. Badala yake tulipishana nalo mahali fulani kati ya Ahero na Kisumu, taa kwa taa, na kiti changu nilichokilipia kikapita kitupu.

Niliingia Kisumu saa kumi na mbili na dakika ishirini. Karani alinitazama kwa huruma, akasema, "Mzee wangu, gari limeshaondoka. Mbona hukutupigia tukwambie ushukie Ahero?" Sikuwa na jibu. Tiketi ilihesabiwa imekufa, kwa kuwa abiria ndiye aliyechelewa, na basi lililofuata la moja kwa moja lilikuwa la kesho yake. Nilipanda matatu hadi Kisii, nyingine hadi Migori, nyingine hadi Isebania, nikapitia ukaguzi wa mpakani, na upande wa Sirari nikasubiri sana gari la Mwanza lijae. Nilifika kwa dada saa nne na nusu usiku. Wageni walikuwa wamengoja saa mbili nzima, kisha mzee mmoja wa jirani akaombwa aseme kwa niaba yangu. Dada hakunilaumu. Alisema tu, "Kaka, nilikuwekea kiti chako karibu na mlango," nami nilikiona bado kipo, kimefunikwa kitambaa cheupe.

Nimerudi Mwanza mara mbili tangu siku hiyo, na sasa napanga hivi. Swali la saa ya kufika simuulizi tena karani anayeuza tiketi, maana yeye hunitajia ratiba. Naenda steji siku mbili kabla na kumuuliza mlinzi wa usiku au mama wa chai, "Jana lile la Nairobi lilipita hapa saa ngapi? Na juzi?" Majibu mawili hayo yana thamani kuliko ratiba yoyote. Naomba namba ya simu ya kondakta wa basi la kwanza na ya ofisi ya basi la pili, na usiku wa safari nampigia kondakta saa nne na nusu kumuuliza kama wametoka Nairobi. Wakiwa bado, najua papo hapo deni langu ni dakika ngapi, nami bado niko nyumbani na naweza kubadilisha mpango.

Tiketi ya pili naikata nikisema wazi kwamba nitapandia Ahero, na namwomba karani aiandike hivyo kwenye karatasi ya majina ya abiria, kwa sababu dereva asiyejua kuna mtu Ahero hana sababu ya kusimama. Kericho natazama saa. Tukifika kabla ya saa kumi na nusu alfajiri napiga simu kuthibitisha Ahero. Tukifika baada ya hapo naomba basi la Mwanza lijulishwe, na naanza kuuliza kuhusu matatu za Kisii. Sishuki Ahero kabla sijasikia kwa sikio langu kwamba basi bado halijapita, na nikishuka nakaa penye taa na watu, si ukingoni mwa barabara.

Jambo ambalo ni lazima uwepo, kama kikao, mazishi au mtihani, silisafirii tena usiku mmoja. Kwa harusi ya binti huyo, mwezi wa Desemba, niliondoka Nakuru mchana kwa matatu ya Kericho, nikapita Sotik hadi Kisii bila kuigusa Kisumu hata kidogo, nikalala Kisii katika nyumba ya wageni ya kawaida. Alfajiri nilimpigia kondakta wa basi la Mwanza. Alikuwa ndio kwanza anaingia Ahero, na akaniambia ninywe chai taratibu, nina saa moja na zaidi.