Deni lililofutwa likilipwa, usiliandike mauzo

Swali: "Mtaalamu habari za kazi, nina duka la jumla la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Wadaiwa walikuwa milioni 40, provisheni ya madeni mabaya milioni 3. Mwezi wa tatu tukafuta deni la fundi mmoja, 1,200,000. Juzi katuma 500,000 kwa simu. Kijana wa vitabu anasema niiweke mauzo yaishe. Ni sawa?"

Jibu: Si sawa kaka, na hiyo "weka mauzo yaishe" ndo nakutana nayo kila siku kwa hawa wanaofunga vitabu vya watu kwa bei ya chee. Mauzo yaliandikwa siku fundi alipochukua mzigo. Ukiyaandika tena na kutoa risiti ya EFD umeuza nondo zilezile mara mbili, na kodi ya ongezeko la thamani unailipa mara mbili.

Mlipofuta, mlidebiti provisheni mkakrediti wadaiwa, kwa hiyo wadaiwa wakabaki 38,800,000 na provisheni 1,800,000. Toa provisheni kwenye wadaiwa unapata milioni 37, ileile ya kabla ya kufuta, maana hasara yenyewe ilishaingia vitabuni siku mlipotenga provisheni.

Sasa hela imekuja, lifufue kwanza deni. Debiti wadaiwa 500,000 kwenye ukurasa wa fundi huyohuyo, krediti provisheni. Halafu debiti akaunti ya simu, krediti wadaiwa. Wadaiwa wanarudi 38,800,000 ila provisheni sasa ni 2,300,000. Zile 700,000 ziache zimefutwa, labda awe na dalili za kweli za kumalizia.

Faida utaiona mwisho wa mwaka. Tuseme mmepanga madeni kwa umri wake mkaona provisheni inatakiwa iwe 2,500,000, basi gharama mpya ni 200,000 tu, bila malipo ya fundi ingekuwa 700,000. Wapo wanaoipeleka hela kama hiyo ya fundi moja kwa moja kwenye mapato mengine kama deni lililorejeshwa, hiyo nayo inakubalika ukiishika hivyohivyo kila mwaka, ila mauzo hapana.

Na kinachoniuma zaidi si hesabu, ni wizi. Deni likishafutwa hakuna anayelidai, jina halipo tena kwenye orodha, mteja akija kulipa kimyakimya kwa keshia hela inaishia mfukoni na vitabu vinabalansi vizuri tu, na nimeona maduka ambako anayefuta madeni ndo huyohuyo anayepokea hela! Wewe mwenye duka ndo usaini kila deni linalofutwa, daftari la waliofutwa likae kwako, na mara mojamoja chukua simu uwapigie wenyewe uwaulize kama wamelipa chochote, na wamempa nani.