Fomu ndefu ya gesti ilivyonichoma, na linki niliyoweka badala yake

Nyinyi mnaoanza kutengenezea watu websaiti za gesti hapa Nairobi, anzeni na njia ya mgeni kuulizia chumba, mapicha yatafuata. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa gesti ya vyumba sita South B, nikamwekea mama mwenye gesti fomu ya maswali kumi na moja na majibu yanaenda kwa imeili, na mama mwenyewe haangaliagi imeili, mtu anauliza Ijumaa yeye anaona Jumatatu, mgeni ashalala kwingine.

Kilichoniuma zaidi ni tarehe. Mgeni kutoka Marekani alijaza 05/06, sisi tukasoma tarehe tano mwezi wa sita, kumbe kwao wanaanza na mwezi, alimaanisha tarehe sita mwezi wa tano. Akashuka na teksi kutoka JKIA saa tano usiku, vyumba vyote vimejaa, ikabidi mama amtoe binti yake kitandani mgeni apate pa kulala.

Siku hizi naweka linki ya WhatsApp yenye ujumbe ushaandikwa nusu, mgeni anajaza tu:

```html
<a href="https://wa.me/2547XXXXXXXX?text=Naulizia%20chumba%0AKuingia%20(mfano%206%20Mei):%0AKutoka:%0AWatu%20wangapi:">Uliza kama kuna nafasi</a>
```

Hiyo %20 ni nafasi kati ya maneno, %0A inashusha mstari. Namba inaanza na 254, usiweke alama ya kujumlisha wala ile sifuri ya 07, ukiiweka linki inaweza isimpate mama, kwa hivyo ijaribu na simu ambayo haijasevu namba yake. Ule mfano wa "6 Mei" usiutoe, ndio unafanya mtu aandike mwezi kwa jina. Kama kuna ukurasa wa Kiingereza, tengeneza linki yake na ujumbe wa Kiingereza.

Na kitufe kiseme "uliza", kisiseme "buku", sababu chumba hakijashikwa mpaka mama ajibu. Chini yake andika saa anazojibu.

Bei nayo ina mtego wake. Tuliandika "3,500 kwa usiku" tukaachia hapo, wakaja mtu na mkewe, mama anahesabu kwa kila mtu anataka 7,000, wao wanahesabu kwa chumba, wakabishana mlangoni na mizigo iko chini. Sasa kila chumba kina mstari wake: kitanda cha watu wawili, choo na bafu ndani, 3,500 mtu mmoja, 4,500 wawili, chai ya asubuhi imo. Muulize mwenye gesti kila kimoja, usikisie. Na saa za kuingia andika 14:00, maana "saa nane" mgeni wa nje anaweza kuisoma 8:00 akufikie asubuhi chumba hakijafagiliwa.